Kuzungusha eneo kwenye mstari mlalo ambao sio mhimili wa x: namna ya kurekebisha nusukipenyo zote mbili

Swali likisema zungusha eneo kwenye mhimili wa x watu wanapeta tu, wanachukua grafu ya juu wanaskwea, ya chini wanaskwea, wanatoa, wanaintegreti, imeisha. Shida inaanza pale swali linaposema zungusha kwenye mstari y = 3 au y = -1, hapo ndo unaona mtu anabakiza fomula ileile halafu anabandika 3 mahali fulani kwa kubahatisha, au anarekebisha nusukipenyo moja nyingine anaiacha. Mwongozo huu ni wa hapo tu. Nachukulia kuintegreti polinomia unajua na njia ya washa kwenye mhimili wa x umeshaiona, ila hata kama umeisahau twende tu utaikumbuka njiani.

Nitatumia eneo moja mwanzo mpaka karibu na mwisho, na nimelichagua makusudi kwasababu lina kituko kimoja utakiona baadae. Ni eneo lililobanwa kati ya y = √x na y = x/2.

Kwanza lijue eneo lako kabla hujazungusha chochote

Tafuta grafu zinakutana wapi. √x = x/2, skwea pande zote unapata x = x²/4, yaani x² = 4x, kwa hiyo x = 0 au x = 4. Hizo ndo limiti zako na hazitabadilika hata uzungushie wapi, maana eneo ni lilelile, kinachohama ni mstari wa mzunguko tu.

Halafu jua nani yuko juu. Chukua x yoyote katikati, mimi huwa nachukua 1 kwasababu ni rahisi: √1 = 1 na 1/2 = 0.5, kwa hiyo √x iko juu na x/2 iko chini kuanzia 0 mpaka 4. Kama grafu zako zinakatana katikati ya limiti basi itabidi ugawe integrali sehemu mbili, ila hapa hazikatani.

Chora. Mchoro hauhitaji kuwa mzuri, unahitaji tu kuwa na mhimili wa x, grafu mbili, na mstari wa mzunguko ukiwa mahali pake kweli, sio umeuchora popote tu.

Kifimbo kimoja, ncha mbili

Hapa ndo pa kukaa sana. Ndani ya eneo chora kifimbo kimoja cha wima, chembamba, kinachoanzia grafu ya chini mpaka grafu ya juu. Mstari wa mzunguko ni mlalo, kifimbo ni cha wima, unene wake ni dx, kwa hiyo kila kitu kitaandikwa kwa x. Kama swali limekuletea grafu kama x = y² igeuze kwanza iwe y = kitu fulani.

Sasa zungusha kifimbo hicho kwenye mstari wa mzunguko. Kwa kuwa mstari uko mbali na kifimbo, katikati kutabaki tundu, na unachopata ni bapa la duara lenye tundu kama ile washa inayokaa chini ya nati. Ukubwa wa uso wake ni duara kubwa toa duara dogo, π R² - π r², na ujazo wa kitu kizima ni

```
V = π ∫ (R² - r²) dx
```

R ni umbali kutoka mstari wa mzunguko mpaka ncha ya kifimbo iliyo MBALI. r ni umbali kutoka mstari wa mzunguko mpaka ncha iliyo KARIBU. Basi, hakuna zaidi. Hakuna fomula ya y = 3 na nyingine ya y = -1, ni umbali tu. Ukizungusha kwenye mhimili wa x unatumia √x na x/2 moja kwa moja kwasababu umbali kutoka mhimili wa x ni y yenyewe, yaani √x - 0 na x/2 - 0, ile sifuri haionekani ndo maana watu wanadhani nusukipenyo na grafu ni kitu kimoja. Sio kitu kimoja. Mstari ukihama ile sifuri inageuka kuwa namba nyingine, na inageuka kwenye zote mbili.

Umbali wa wima siku zote ni cha juu toa cha chini. Kwa hiyo:

mstari wa mzunguko ukiwa juu ya eneo, umbali = mstari toa grafu

mstari wa mzunguko ukiwa chini ya eneo, umbali = grafu toa mstari

Tuanze na mstari ulio juu, y = 3

Eneo letu linafika juu kabisa kwenye nukta (4, 2), kwa hiyo y = 3 iko juu ya eneo lote haligusi popote. Vizuri.

Simama kwenye mstari y = 3 angalia chini. Ncha ya kifimbo iliyo karibu na wewe ni ile ya √x, ya mbali ni ile ya x/2. Hapo mambo yamepinduka! Grafu iliyokuwa inatoa R kwenye mhimili wa x sasa inatoa r. Hili ndo kosa namba moja kwa mistari iliyo juu, mtu anakariri kwamba grafu ya juu ndo R, kumbe R ni ya ile iliyo mbali, na ukiwa juu iliyo mbali ni ya chini.

```
R = 3 - x/2
r = 3 - √x
```

Kabla hujaenda popote jaribu na x = 1. R = 2.5, r = 2. R ni kubwa kuliko r, safi, na tofauti yake ni 0.5 ambayo ndo urefu wa kifimbo kwenye x = 1 (1 - 0.5). Hiyo tofauti lazima ilingane na urefu wa kifimbo kila mara, mstari uwe wapi uwe wapi. Isipolingana ujue umerekebisha nusukipenyo moja tu au alama umeikosea.

Sasa skwea kila moja peke yake:

```
R² = 9 - 3x + x²/4
r² = 9 - 6√x + x
R² - r² = x²/4 - 4x + 6√x
```

Angalia 9 zimeondoka. Zitaondoka kila mara, ile skwea ya namba ya mstari iko pande zote mbili, kwa hiyo ukiona kwenye jibu lako bado kuna namba tupu imebaki, na grafu zako zenyewe hazina namba tupu, rudi nyuma ukaangalie mabano. Na hata 9 zikiondoka, hakikisha ile alama ya kutoa mbele ya r² imeingia kwenye mabano yote, maana mara nyingi mtu anaandika - 9 - 6√x + x badala ya - 9 + 6√x - x.

Jaribu tena x = 1 kwenye hiyo iliyorahisishwa: 0.25 - 4 + 6 = 2.25. Na kwa njia ya moja kwa moja 2.5² - 2² = 6.25 - 4 = 2.25. Imekubali, ujue aljebra yako iko sawa kabla hujaanza kuintegreti. Ni sekunde kumi tu na inakuokoa ukurasa mzima.

Integreti kutoka 0 mpaka 4:

```
x³/12 - 2x² + 4x√x
x = 4:  16/3 - 32 + 32 = 16/3
x = 0:  0
V = 16π/3
```

Sasa mstari ulio chini, y = -1

Ukisimama kwenye y = -1 ukaangalia juu, ncha ya karibu ni x/2 na ya mbali ni √x, mpangilio unarudi kama ulivyozoea. Umbali ni grafu toa mstari, na mstari ni -1, kwa hiyo √x - (-1). Andika hayo mabano kwanza, usiruke. Wanaoruka ndo wanaandika √x - 1 kwasababu wameona alama ya kutoa kwenye swali wakaihamisha kama ilivyo, halafu nusukipenyo inakuwa fupi kuliko ilivyokuwa kwenye mhimili wa x wakati mstari umesogea mbali zaidi, kitu ambacho hakiwezekani.

```
R = √x + 1
r = x/2 + 1
R² = x + 2√x + 1
r² = x²/4 + x + 1
R² - r² = 2√x - x²/4
```

Cheki na x = 1: R = 2, r = 1.5, 4 - 2.25 = 1.75. Kwenye iliyorahisishwa 2 - 0.25 = 1.75. Twende.

```
(4/3)x√x - x³/12
x = 4:  32/3 - 16/3 = 16/3
V = 16π/3
```

Ndio, jibu ni lilelile la y = 3. Hujakosea na sio lazima iwe hivo kila mara, sababu tutaiona sasa hivi.

Kwanini huwezi kuacha +1 zikafutana

Kuna swali huwa linaulizwa sana na ni swali zuri: kama naongeza 1 kwenye R na naongeza 1 kwenye r, si zinafutana nikitoa? Kwa hiyo kwanini ujazo ubadilike?

Zinafutana kama unatoa R na r zenyewe, na kweli upana wa washa haubadiliki, kwenye x = 1 ni 0.5 iwe mhimili wa x, iwe y = 3, iwe y = -1. Ila hatutoi nusukipenyo, tunatoa skwea zake. Washa yenye upana uleule lakini iliyo mbali zaidi na katikati ina mzunguko mrefu zaidi, inakula chuma kingi zaidi. Kwenye x = 1 uso wa washa ni 0.75π kwenye mhimili wa x, 1.75π kwenye y = -1, na 2.25π kwenye y = 3, upana ni uleule.

Hapohapo ujue pia kwamba (R - r)² sio R² - r². Ukiandika π∫(R - r)² basi hizo +1 zitafutana kweli na utapata jibu moja kwa mstari wowote ule, na hiyo ndo dalili: kama umezungusha kwenye mistari miwili tofauti na integrali imekuwa ileile kabisa neno kwa neno tangu kabla ya kuintegreti, umeskwea tofauti badala ya kutoa skwea.

Tukiandika kwa ujumla, grafu ya juu iwe f, ya chini iwe g, na mstari uwe umbali k chini ya mhimili wa x:

```
(f + k)² - (g + k)² = f² - g² + 2k(f - g)
```

Ukiintegreti upande wa kulia ukazidisha kwa π, sehemu ya kwanza ni ujazo uleule wa kuzungusha kwenye mhimili wa x, na ∫(f - g)dx ni ukubwa wa eneo tu. Kwa hiyo kama A ni ukubwa wa eneo na V₀ ni ujazo wa mhimili wa x:

```
mstari y = -k, chini ya eneo:  V = V₀ + 2πkA
mstari y =  k, juu ya eneo:    V = 2πkA - V₀
```

Hii nakushauri usiitumie kama njia ya kujibia mtihani, maana anayesahihisha anataka aone R na r zako, itumie kukagua. Kwa eneo letu A = ∫(√x - x/2)dx = 16/3 - 4 = 4/3, na V₀ = π∫(x - x²/4)dx = π(8 - 16/3) = 8π/3. Mstari y = -1: 8π/3 + 2π(1)(4/3) = 16π/3. Mstari y = 3: 2π(3)(4/3) - 8π/3 = 8π - 8π/3 = 16π/3. Yote yamekubali. Na kama swali lingekuwa y = -2 tungetegemea 8π/3 + 16π/3 = 8π, jaribu mwenyewe na R = √x + 2, r = x/2 + 2 uone.

Mwenye jicho ataona hapa kuna kitu cha zamani sana, ni ile kanuni inayobeba jina la Pappus wa Aleksandria wa karne ya 4: ujazo ni ukubwa wa eneo mara njia inayopita senta ya eneo ikizunguka. Senta ya eneo letu iko kwenye y = 1. Kutoka hapo mpaka y = 3 ni 2, mpaka y = -1 ni 2, kwa hiyo ujazo ni 2π × 2 × 4/3 = 16π/3 kwa zote mbili. Ndo kile kituko nilichosema, mistari hiyo miwili iko sawa kutoka senta ya eneo, basi.

Pale mhimili wa x unapokuwa ukuta wa eneo

Hili nalitenga kwasababu linawaangusha hata wale walioelewa yote ya juu. Chukua eneo chini ya y = x² mpaka mhimili wa x, kutoka x = 0 mpaka x = 2. Kwenye mhimili wa x hakuna tundu, r = 0, ni bapa zima tu. Sasa swali linasema zungusha kwenye y = -1. Mtu anaandika R = x² + 1 vizuri kabisa, halafu r anaiacha sifuri, kwasababu macho hayaoni grafu ya pili.

Grafu ya pili ipo, ni y = 0. Ncha ya chini ya kifimbo imekaa kwenye mhimili wa x na kutoka hapo mpaka y = -1 kuna umbali wa 1, hapo katikati hakuna eneo, ni hewa. Kwa hiyo r = 1.

```
R² - r² = (x² + 1)² - 1² = x⁴ + 2x²
V = π(32/5 + 16/3) = 176π/15
```

Aliyeacha r = 0 atapata zaidi kwa 2π kamili, yaani atakuwa amejaza silinda ya hewa yenye nusukipenyo 1 na urefu 2. Tumia ile cheki ya urefu wa kifimbo: kwenye x = 1 kifimbo kina urefu 1, na R - r lazima iwe 1, yeye ana R = 2 na r = 0, imekataa hapohapo.

Jibu likitoka hasi au sifuri

Ukipata ujazo hasi karibu kila mara R na r zimebadilishana, na kwa mstari ulio juu ndo inatokea zaidi. Kwenye y = 3 ukizibadilisha unapata -16π/3. Usifute tu ile alama ukaendelea, rudi uandike R na r upya, kwasababu anayesahihisha anaona.

Kuna wanaoandika √x - 3 badala ya 3 - √x halafu jibu linakuja sahihi, wanashangaa. Skwea inaficha alama, (√x - 3)² na (3 - √x)² ni kitu kimoja. Kwa hiyo mpangilio wa kutoa ndani ya mabano hauharibu jibu, kinachoharibu ni mpangilio wa R² na r². Ila umbali hasi usiuandike, unakunyima ile cheki ya R kubwa kuliko r.

Sifuri ni hadithi nyingine. Mstari ukigusa eneo kwenye kona tu hakuna shida, mfano y = 2 kwetu inagusa (4, 2), tundu linafunga pale x = 4 na kwingine lipo, endelea kama kawaida. Lakini mstari ukipita ndani ya eneo njia yote hii inakatika. Jaribu y = 1 kwa kulazimisha:

```
(√x - 1)² - (x/2 - 1)² = 2x - 2√x - x²/4
x² - (4/3)x√x - x³/12
x = 4:  16 - 32/3 - 16/3 = 0
```

Ujazo sifuri! Sehemu ya eneo iliyo chini ya mstari imehesabiwa hasi na ya juu chanya zikamalizana. Ukweli ni kwamba ukizungusha, sehemu za juu na za chini zinapita nafasi zilezile, kwa hiyo inabidi ugawe kwa x: kutoka 0 mpaka 1 kifimbo chote kiko chini ya mstari, washa yenye R = 1 - x/2 na r = 1 - √x, kutoka 2 mpaka 4 kiko chote juu, R = √x - 1 na r = x/2 - 1, na kati ya 1 na 2 mstari unakata kifimbo chenyewe, hakuna tundu, r = 0 na R ni ile ncha iliyo mbali zaidi kati ya mbili. Hapo katikati anayeongoza anabadilika pale √x - 1 = 1 - x/2, yaani karibu na x = 1.53, kabla ya hapo tumia 1 - x/2, baada ya hapo tumia √x - 1. Ukijumlisha vipande vyote vinne unapata kama 3.08.